Kaptire ya 600$: namna kiboksi kimoja cha mesaji kilituonyesha uwongo

Mwezi uliopita mama mmoja wa apa kwetu Ibanda, mu Bukavu, aliniita kwake saa za jioni, nikakuta watu saba wamejaa mu salon, wote wamekasirika, na mu katikati kuna telefone mbili zimelala juu ya meza. Mimi natengeneza telefone na nafanya fotokopi mu kakabini kadogo karibu na Nyawera, kwa iyo watu wakikosana juu ya picha ya telefone wananiita kama vile naweza kuiuliza nayo inijibu.

Shida ilikuwa hii. Locateri anatoka mu nyumba, anadai arudishiwe garanti yake. Anasema alilipa 600$, ya miezi 6. Mama anasema walipokea 300$ tu, na pesa ilipokelewa na mtoto wake ambaye anaishi Kinshasa. Locateri akatoa kaptire ya WhatsApp, mtoto wa mama anamuandikia: "Nimepata 600$". Mtoto naye akatuma kaptire yake toka Kinshasa, na kwake imeandikwa: "Nimepata 300$, inabaki 300$". Mazungumzo ni yale yale, siku ni ile ile, picha mbili hazisemi kitu kimoja.

Sasa mjomba wa mama akaruka: "Iyi ni ya uwongo! Muangalie masaa, haiendane!" Kweli, kwa locateri iyo mesaji ilikuwa na 14:55, kwa mtoto 13:55. Kila mtu akaanza kupiga kelele, mwingine anasema locateri ni mwizi, mwingine anasema kumbe ni mtoto njo amedanganya.

Nikawaambia jamani, tulieni, iyo saa haina kosa. Inchi yetu iko na masaa mawili. Bukavu, Goma, Lubumbashi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na WhatsApp haiandiki saa ya mwenye kutuma, kila telefone inaonyesha saa ya mahali iko. Kwa iyo mesaji moja iliyotumwa Kinshasa saa 13:55 itasomeka 14:55 ku telefone ya Bukavu, na dakika zinabaki zile zile. Kama ndugu yako wa Kampala angekuwa mu kikundi kimoja nanyi, iyo mesaji kwake ingesomeka 15:55. Picha mbili zikiachana saa nzima kamili na dakika zinalingana, uliza kwanza kila mtu alikuwa wapi kabla ya kuita mtu mwizi. Kama zingeachana dakika 20 apo sasa ningeshtuka, juu hakuna mahali apa kwetu panapoachana na Kinshasa kwa dakika 20.

Saa inayoweza kumkamata mtu ni ya ndani ya picha moja. Juu kabisa ku skrini kuna saa ya telefone yenyewe, ile iko pamoja na betri na reseau. Iyo ni saa ambayo kaptire ilipigwa. Kama katikati ya mazungumzo kuna kale kaandiko "Aujourd'hui", basi mesaji zote zilizo chini yake haziwezi kuwa na saa iliyo mbele ya ile ya juu. Mesaji ya 14:55 ya leo ku skrini inayosema ni 11:20 haiwezekani, ni sawa na kusema nimekula chakula cha kesho. Lakini kama ni tarehe kamili njo imeandikwa apo katikati, kama 12 mars 2025, basi saa ya juu inaweza kuwa yoyote, juu kaptire inaweza kupigwa siku yoyote ya baadaye. Alafu kaandiko kale kale kanasema kitu kingine ambacho watu wanasahau: "Aujourd'hui" maana yake picha ilipigwa siku ile ile ya mazungumzo. Mutu akikuambia "nimeipiga asubuhi hii" na mazungumzo ni ya miezi saba nyuma, na picha inasema "Aujourd'hui", mmoja kati ya yeye na picha anadanganya.

Ya locateri ilikuwa na "Aujourd'hui", saa ya juu 20:13, na yeye mwenyewe alisema aliipiga usiku wa siku ile ya kulipa. Inakaa sawa. Nikaangalia pia namna saa zinaandikwa, juu mesaji za telefone moja zinaandikwa namna moja tu: ni 09:05 ku kila mesaji ao ni 9:05 ku kila mesaji, ukikuta zote mbili ku mesaji za picha moja uanze kushtuka. Kwake zote zilikuwa za tarakimu nne, hakuna shida. (Kwa wale wanaotumia masaa 12: saa ya juu mara nyingi haina AM ao PM lakini ya mesaji iko nayo, iyo ni kawaida ya Android, usimkamate mtu juu ya iyo.)

Kwa iyo masaa yalikuwa safi. Mjomba akakasirika na mimi, akadhani niko upande wa locateri.

Nikaomba locateri anitumie iyo picha kama dokima, si kama foto. Watu wengi hawajui tofauti. WhatsApp ikituma foto inaipunguza, inaikamua, alama ndogo ndogo zinafutika. Ukituma kama dokima faili inafika vile ilivyo. Akasita kidogo alafu akatuma. Nikaifungua ku kompyuta nikaikuza mpaka kila herufi ikawa kubwa kama kidole.

Kwanza nikaangalia fonti, na apa watu wengi wanakosea. Wanasema "fonti iko ya ajabu, si ya WhatsApp". Sasa ajabu ni nini? Tecno, Infinix, Samsung, zote zinakuruhusu ubadilishe fonti ya telefone nzima, kuna watoto wameweka maandishi yanayopindana kama ya barua ya mapenzi na WhatsApp yao yote inakuwa ivyo. Tena mutu mwenye macho ya shida anakuza maandishi. Usilinganishe fonti ya picha na fonti ya telefone yako. Linganisha ya picha na ya picha yenyewe. Tafuta herufi ao tarakimu moja inayorudi mara nyingi, a ya mesaji ya kwanza, a ya mesaji ya tano, ziweke karibu. Mu picha isiyoguswa zinakuwa kama mapacha, kimo sawa, unene sawa, zinakaa ku mstari mmoja. Tarakimu ya saa, ile ndogo ya kijivu, usiilinganishe na tarakimu ya mesaji, zile ni saizi mbili tofauti toka mwanzo.

Iyo 6 ya "600$" ilikuwa na kimo sawa, unene sawa. Fonti ni ile ile kabisa. Lakini nilipoikuza zaidi nikaona ukingo wake hauko wa kijivu kama ukingo wa zile 0 mbili zinazoifuata. Ulikuwa na ukijani. Kidogo sana, kama vile mtu ameshika ukuta na mkono wenye rangi iliyokaribia kukauka.

Sikia sababu. Herufi ku skrini haikatwi kama na wembe, ukingoni mwake kuna piksel za katikati, nusu rangi ya wino nusu rangi ya karatasi, ili jicho lione mviringo laini. Herufi nyeusi juu ya kiboksi cheupe inakuwa na ukingo wa kijivu. Herufi nyeusi juu ya kiboksi cha kijani, ukingo unakuwa na kijani ndani. Na mu WhatsApp mesaji ulizotuma wewe ziko upande wa kuume mu kiboksi cha kijani, zile umepokea ziko upande wa kushoto mu kiboksi cheupe (kama hujaweka skrini nyeusi, apo rangi zinabadilika). Mesaji ya mtoto ilikuwa nyeupe. 6 yenye ukijani inafanya nini mule? Nikapanda juu kidogo mu picha ile ile nikakuta locateri ameandika "garanti ya miezi 6" mu kiboksi chake cha kijani. 6 ilihama nyumba, lakini imebeba vumbi ya kule ilitoka.

Sikusema kitu bado, juu 6 peke yake, mutu anaweza kubisha, atasema ni telefone ya bei ndogo, ni picha mbaya. Nikaenda ku kitu ambacho hata mama asiyejua piksel anaweza kupima, nafasi.

Kiboksi cha mesaji hakina upana wa kudumu. Kinajipima na maneno. Ukiandika "Ndiyo" kinakuwa kadogo, ukiandika sentensi kinapanuka mpaka kinafika karibu ku ukingo wa skrini, alafu maneno yanashuka mstari wa pili. Na saa inajichomeka ku mkono wa kuume chini. Kama mstari wa mwisho umeacha nafasi ya kutosha saa inakaa apo apo pembeni ya maneno, kama hakuna nafasi inashuka chini yake peke yake. Kwa mesaji ya mstari mmoja, basi, kati ya neno la mwisho na saa kunabaki kanafasi kadogo ambako ni kale kale kila mara. Si jambo la mutu kuchagua, ni apu njo inapima. Mesaji za mistari miwili ao mitatu uziache, juu upana wake unafuata ule mstari mrefu, na ule wa mwisho unaweza kuwa mfupi ukaacha uwanja mtupu bila kosa lolote.

Mama alikuwa na daftari ya madeni. Nikachana kakaratasi kembamba, nikakaweka ku skrini ya kompyuta juu ya mesaji moja fupi ya mtoto, ya mstari mmoja, nikatia alama mbili na biki: mwisho wa neno, mwanzo wa saa. Nikahamisha kakaratasi ku mesaji nyingine fupi, ikaingia sawa. Ya tatu, ya locateri, nayo ikaingia sawa, juu vile vialama viwili vya "imefika" vinakaa nyuma ya saa. Alafu nikaweka ku "Nimepata 600$". Kati ya alama ya dola na saa kulikuwa na uwanja wa kucheza mpira. Kakaratasi kangu kaliingia mara nyingi. Kiboksi kilikuwa kipana, cheupe, na maneno yamejikunja upande wa kushoto kama mtu mmoja amelala ku kitanda cha watu watatu.

Mama akasema: "Mwanangu, apo kati kulikuwa kitu."

Njo ivyo. Na tunaweza hata kuhesabu kitu gani kiliweza kuingia. Nikachukua upana wa herufi za mesaji ile ile, nikaona pale patupu panabeba kama herufi 14, pamoja na nafasi na alama. Sasa rudi ku kaptire ya mtoto: "Nimepata 300$, inabaki 300$". Toa "Nimepata 300$", unabaki na mkato, nafasi, inabaki, nafasi, 300$. Hesabu mwenyewe na vidole: 14. Aliyefuta alifuta maneno lakini alisahau kwamba kiboksi kingepaswa kupungua nacho. Na kukipunguza si kazi ya dakika mbili, juu nyuma ya kiboksi kuna ile picha ya fondo, vile vichoro vidogo vidogo, na ukikata kiboksi inabidi uvichore upya vile vilivyokuwa vimefunikwa. Mara nyingi wanaojaribu wanavirudia, unakuta kichoro kimoja mara mbili karibu karibu, ao kimekatwa nusu.

Kitu cha mwisho nilifanya ilikuwa kutafuta kiraka. Mutu akifuta maneno anapaka rangi ya kiboksi juu yake, na rangi aliyopaka haifanani kabisa na ile ya zamani. Jicho halioni, lakini ukiingia mu galeri, pale pa kurekebisha foto, punguza mwanga alafu uongeze kontrasti mpaka mwisho. Wengi wanaongeza mwanga na hawaoni kitu; kiboksi ni cheupe tayari, ukiongeza mwanga unakifanya cheupe zaidi na kila kitu kinapotea. Ukipunguza, weupe unageuka kijivu na tofauti zinatoka. Mu picha iliyopita mu WhatsApp ao iliyohifadhiwa kama jpg, karibu na maandishi kunakuwa vumbi ya vidoti vidogo. Pale patupu pa locateri hapakuwa na vumbi iliyofanana na ya jirani, palikuwa pamepanguswa safi, kapande karefu kenye kona nne, na mwisho wake ni karibu kabisa na saa.

Ila iyi ya kiraka ina mwisho wake. Kama picha imepigwa kaptire ya kaptire, ikatumwa mu vikundi vitano, kila mtu akaikata na kuituma upya, vumbi inajaa kila mahali na huoni tena ya zamani ao ya juzi. Picha ya namna iyo siwezi kuisema ni ya kweli wala ya uwongo, na mutu akiniambia yeye anaweza kwa kuitazama tu, simwamini.

Na kuna jambo lingine niliwaambia pale pale mbele ya locateri, juu sikutaka watoke na akili kwamba kakaratasi na biki vinatosha. Iyi yote inakamata mutu anayechora juu ya picha. Mwenye akili hachori. Anafungua WhatsApp Web ku kompyuta, anabadilisha maneno ndani ya ukurasa wa brauza, na kiboksi kinajipima chenyewe, fonti ni ya kweli, nafasi ni ya kweli, alafu anapiga kaptire. Akifungua upya ukurasa maneno ya kweli yanarudi lakini picha anayo. Ao rahisi zaidi: anachukua namba ya rafiki yake, anaihifadhi na jina la "Boss wa nyumba", rafiki anatia foto ya uyo boss, wanaandikiana kila kitu wanachotaka, na kaptire inakuwa safi kabisa juu ni mazungumzo ya kweli, ila ni ya watu wengine. Kuna hata apu za kutengeneza mazungumzo ya uwongo, unaandika tu pande zote mbili. Picha yenye makosa inaweza kukuambia imeguswa. Picha isiyo na makosa haikuambii kitu.

Kwa sababu iyo kaptire ya mtoto nayo niliipima, hata kama mama hakupenda. Kakaratasi kaliingia sawa, 3 zilifanana, hakuna kiraka. Lakini sikuishia apo. Tukampigia mtoto kwa video, nikamwambia: fungua mazungumzo mbele yetu na telefone nyingine, kwanza bonyeza jina juu tuone namba, alafu shuka mpaka siku ile. Namba ilikuwa ya locateri kweli. Tukaangalia kama ku mesaji kuna neno "Modifié", juu tangu 2023 WhatsApp inaruhusu kurekebisha mesaji mu dakika 15 za kwanza, na mutu anaweza kutuma 600 alafu akarekebisha kuwa 300 kabla mwenzake hajarudi kuangalia; ingekuwa ivyo neno lingeandikwa pembeni ya saa. Halikuwepo. Akaibonyeza mesaji kwa muda, akaingia ku "Infos", tukaona saa ilifika na saa ilisomwa, siku ile ile, dakika chache baada ya 13:55.

Nikamwambia locateri: "Kaka, na wewe fungua ya kwako." Si ile picha, mazungumzo yenyewe.

Akasema alibadilisha telefone, mazungumzo yamepotea. Inawezekana, telefone zinaibiwa apa kila siku. Nikamuuliza tu: kama telefone ilipotea na mazungumzo, kaptire iliponea wapi? Akasema alikuwa ameituma kwa dada yake. Nikamwambia vizuri, dada atutumie ile aliyoipata siku ile, toka ku mazungumzo yao, tuone tarehe.

Mpaka tunakunywa chai dada alikuwa hajajibu. Mama akahesabu 300$ kwa noti, akaandika mu daftari ile ile iliyochanika, locateri akatia sahihi. Mjomba bado anasema ni masaa njo yalimkamata.